Bwana au bibi akizidisha wema kwa ghafula: tusome alama hiyo namna gani?

Siku moja ya Yenga, katika mwezi wa pili, mama mmoja wa Butembo alibaki ndani ya kanisa wakati wengine walikuwa wakitoka. Alituambia: «Pasta, bwana yangu amekuwa mzuri sana, na mimi sipati usingizi.» Tulicheka kidogo, naye akacheka. Halafu akaeleza. Tangu Noeli, bwana wake, mtu wa maneno machache, alikuwa akimpigia simu kila siku saa sita ili kumwuliza kama amekula. Alikuwa amemletea vikwembe vitatu, viatu, na simu mpya, bila sikukuu yoyote. Jioni alikaa naye jikoni na kuchambua maharagi. Katika miaka 14 ya ndoa yao hakuwa amefanya hivyo hata mara moja.

Tulimjibu vibaya. Tulimwambia amshukuru Mungu, kwa sababu kuna wamama wengi katika kanisa wanaoomba bwana wa namna hiyo na hawampati. Akaenda. Alirudi kisha miezi miwili, na safari hiyo hakucheka. Jibu letu lile la kwanza ndilo limetusukuma kuandika maneno haya. Yeye na bwana wake wametupatia ruhusa, na tumegeuza mambo madogo-madogo ili wasitambulike.

Tuanze na jambo ambalo watu wa kartie wanalisema haraka sana: bwana akileta zawadi bila sababu, ana mwanamke inje. Bibi akimpikia bwana wake chakula cha sikukuu siku ya kazi, kuna kitu. Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana yanadumu. Lakini wema wa ghafula una mizizi mingi. Kuna mtu aliyezika rafiki wa umri wake, akarudi nyumbani na kumwangalia bibi yake kwa macho mengine. Kuna aliyepata kazi kisha miaka ya taabu, na sasa anaweza kufanya yale aliyotamani kufanya tangu zamani. Kuna aliyetoka hospitali, na kuna aliyeguswa na neno fulani. Wengine walikuwa wamechoka tu, na sasa wamepumzika. Katika hali hizo zote, mwenye kupendwa anashangaa kwa siku chache, halafu anazoea na kufurahi. Mama wa Butembo hakuwa amezoea. Wema wa bwana wake ulikuwa na kitu kilichomwogopesha, naye hakuweza kukitaja jina.

Kwa hiyo tusiulize kwanza «ameficha nini?» Tuulize: wema huu una umbo gani? Wema unaotoka katika hatia una umbo lake, na mtu akiutazama kwa utulivu anaweza kulitambua.

Hatia inamsukuma mtu kutengeneza alichokiharibu. Mwanasaikolojia wa Amerika, June Tangney, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, anatenganisha hatia na haya. Mwenye hatia anasema moyoni: nimefanya kitu kibaya. Mwenye haya anasema: mimi ni mtu mbaya. Wa kwanza anatafuta kutengeneza, wa pili anatafuta kujificha. Basi, katika ndoa vitu hivi viwili mara nyingi vinakaa katika moyo mmoja kwa wakati mmoja. Hatia inasema: mrudishie kitu. Haya inasema: asijue. Mtu anayevutwa pande hizo mbili anaona njia moja tu iliyobaki, ni kulipa bila kusema deni ni la nini. Ananunua kikwembe. Kwa jioni moja anaona mzigo umepungua. Kesho yake mzigo umerudi, kwa sababu kile kilichofichwa bado kipo. Ndipo anatafuta zawadi nyingine.

Maandiko yana mfano ambao tunausoma kila mara kwa ajili ya uzinzi, na tunasahau zawadi iliyo ndani yake. Katika 2 Samweli 11, Daudi anamwita Uria kutoka vita. Anamuuliza habari za Yoabu na za askari, anamwambia aende nyumbani kwake kupumzika, na zawadi ya mfalme inamfuata nyuma. Siku ya pili anamkalisha mezani, anakula na kunywa pamoja naye. Mtu aliyesimama mlangoni angesema: mfalme anampenda sana askari huyu! Angalieni kwamba kila tendo la wema la Daudi lilikuwa na kazi ya kufanya. Lilipaswa kumpeleka Uria mahali fulani, kwa wakati fulani. Uria alipolala mlangoni pa mfalme badala ya kwenda nyumbani, Daudi hakusema «vema, upumzike unavyotaka.» Alihangaika, akatafuta njia nyingine, na mwisho akamkabizi mkononi barua ya kifo chake.

Hapo tunapata alama ya kwanza, nayo kwetu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: wema wa hatia hauvumilii kukataliwa. Mtu anayekupenda, ukimwambia «asante, lakini kikwembe hiki tusinunue mwezi huu,» anaweza kuhuzunika kidogo, halafu anakubali, na pengine anafurahi kwamba feza imebaki. Mwenye kulipa deni la siri anashituka. Anasisitiza, anakasirika, anakiweka kitandani kwa nguvu. Ni kwa sababu umeikataa feza ya deni lake, na deni limebaki palepale. Mama wa Butembo alikumbuka kwamba alipokataa simu mpya, kwa maana ile ya zamani ilikuwa bado nzima, bwana wake alitoka inje na kusimama uani karibu nusu saa.

Alama ya pili ni shukrani. Mwenye kupenda hupokea asante kama maji ya kunywa. Mwenye hatia inamchoma. Siku moja mama huyu alimsifu bwana wake mbele ya shemeji zake, na bwana akamkatiza kwa ukali: «Wacha maneno hayo.» Wote walifikiri ni unyenyekevu.

Alama ya tatu inahitaji kutazama pande zote za nyumba. Mwaka 2011, watafiti wanne wa Uholanzi, pamoja na Ilona de Hooge, walitoa majaribio yaliyoonyesha jambo la kushangaza. Mtu aliyekumbushwa kosa alilomtendea mwenzake, akipewa feza ya kugawa, alimwongezea yule aliyemkosea. Hilo tulilitazamia. Lakini nyongeza hiyo hakuitoa katika fungu lake mwenyewe. Aliitoa katika fungu la mtu wa tatu, asiyehusika kwa lolote. Hatia ilikuwa imemfunga macho: alimwona mmoja tu, yule anayemdai. Tuliposoma habari hiyo tulifikiri mara moja juu ya nyumba tunazozijua. Nani analipa kikwembe hiki? Katika nyumba ya Butembo, mtoto wa kwanza, msichana wa sekondari, alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya minevali. Mama mzazi wa bwana, kule kijijini, hakuwa amepata kitu tangu mwezi wa kumi na moja. Mtu ambaye moyo wake umefunguka kweli anakuwa mwepesi kwa wote, hata kidogo-kidogo. Moyo wa mwenye hatia unafunguka upande mmoja tu.

Kuna pia habari ya wakati. Wema unaotoka katika moyo uliotulia unaendelea kama mvua ya kawaida. Wema wa hatia unakuja kwa milipuko, na kila mlipuko unafuata kitu. Hatusemi mke aandike daftari la kumpeleleza bwana wake, wala bwana amfanyie bibi hivyo. Nyumba yenye daftari la namna hiyo imekwisha kuwa korti. Lakini mtu anaweza kukumbuka. Mama yetu alipokumbuka, aliona kwamba vikwembe vyote vitatu vilikuja katika siku za mwisho wa mwezi, kila mara kisha bwana kwenda «kuonana na mtu» mjini jioni.

Basi, alipokuja mara ya pili, alikuwa na alama zote hizo, na alikuwa amekwisha kuzifasiri. Alisema: «Ni mwanamke. Anamlipia nyumba kila mwisho wa mwezi, akirudi ananiletea mimi kikwembe.» Hesabu yake ilikuwa nzuri. Hata sisi tuliiamini, tunakiri. Alikuwa tayari kuwaita wajomba wake.

Haikuwa mwanamke.

Bwana wake anauza pyesi za pikipiki. Katika mwezi wa kumi alikuwa amempa rafiki feza ya kumletea bidhaa kutoka Kampala, kupitia Kasindi, na bidhaa hazikufika. Kwa kujaza rafu zake kabla ya Noeli, aliazima dola 600 kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita banki lamberi, kwa faida ya 30 kwa 100 kila mwezi. Aliacha kwake makaratasi ya parsele, ile wanayokaa ndani yake. Bibi hakuambiwa kitu.

Fanyeni hesabu pamoja nasi, kwa sababu ndani ya hesabu hii ndimo wema ule ulimozaliwa. Faida ya mwezi mmoja ni dola 180. Alilipa mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kwanza na wa pili: jumla dola 540. Na kisha kulipa hizo 540 alikuwa bado anadaiwa 600 zilezile, kwa sababu hakuwa ameugusa mzizi wa deni hata kidogo. Mwezi wa tatu alishindwa, deni likawa 780. Mwezi wa nne mkopeshaji alihesabu faida juu ya hizo 780, na deni likafika dola 1.014. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akitoka kupeleka feza kwa mtu aliyeshika nyumba ya watoto wake, halafu anarudi kukutana na bibi anayemwuliza kwa upole kama ameshinda vizuri. Angefanya nini? Alipita sokoni kwanza. Kwa hesabu ya mama, zawadi zote pamoja zilikuwa karibu dola 190, zaidi ya faida ya mwezi mzima.

Tunaeleza hayo yote ili msomaji aone mpaka wa alama. Alama zilisema ukweli: kulikuwa na kitu kilichofichwa, kilirudi kila mwisho wa mwezi, na kilihusu feza. Lakini alama hazikusema ni kitu gani. Hatia ya mwenye deni na hatia ya mzinzi zinanunua kikwembe kilekile, katika duka lilelile. Kama mama angewaita wajomba na kumshitaki bwana wake uzinzi mbele ya watu, bwana angekuwa na haki ya kukana kwa sauti kubwa, angekana kweli, na deni lingebaki gizani miezi mingine, likiongezeka kwa 30 kwa 100.

Wengi wanafikiri watasoma ukweli usoni. «Nitamwangalia machoni, nitajua.» Mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi juu ya watu wanaojaribu kutambua uongo bila msaada wowote. Kwa wastani walipata sawa mara 54 kwa 100. Mwenye kurusha feza ya chuma hewani anapata 50. Na tusijidanganye kwamba miaka 14 ya ndoa inatupatia macho ya pekee: tunamjua sana mwenzetu akiwa mtulivu, lakini mwenye haya hutazama chini kama mwongo anavyotazama chini.

Juu ya kupekua simu usiku, tunasema kwa ufupi: wengi wanaofanya hivyo wanapata nusu ya habari. Mama huyu alipekua. Aliona jina asilolijua, na ujumbe uliosema «nakungoja jioni, usinidanganye tena.» Ulikuwa wa mkopeshaji. Mnaelewa namna alivyousoma.

Kuuliza, basi. Tulikaa naye siku mbili kutafuta maneno, na tunaona kazi hiyo ilikuwa na faida kuliko maombi marefu tuliyoyafanya siku ya kwanza, ingawa maombi nayo tuliyafanya. Tulipatana mambo machache. Asiulize siku ile bwana anaporudi kutoka «kuonana na mtu,» kwa sababu siku hiyo haya iko juu sana. Asiulize mbele ya watoto, wala kitandani, mahali ambapo mtu hana njia ya kutoka. Walikuwa na desturi ya kwenda pamoja shambani Jumamosi. Wakiwa njiani wanatembea, kila mmoja akitazama mbele, mtu anaweza kusema mambo ambayo uso kwa uso yangemshinda. Aanze na yale aliyoyaona kwa macho, aache yale anayoyazania. Na ndani ya swali aache mlango wazi kwa jambo lolote, lisiwe la mwanamke peke yake.

Alisema hivi, kama alivyotusimulia: «Baba watoto, tangu Noeli umenitendea mema mengi. Nimeyaona yote, na ninakushukuru. Lakini mtoto amerudishwa nyumbani mara mbili, na wewe hulali. Ninaona kama unabeba kitu peke yako. Sijui ni nini. Hata kama ni kibaya, ninapenda nikisikie kwako kuliko kwa watu.» Kiisha akanyamaza. Tulikuwa tumemwomba sana juu ya kunyamaza huko. Watu wengi wanauliza swali zuri, halafu kwa woga wanalijaza wenyewe: ni mwanamke? ni nani? ni yule wa soko? Mwenye siri anachagua hapo swali rahisi zaidi, anajibu «hapana,» na mlango unafungwa.

Walitembea muda mrefu. Halafu bwana akasema ana deni, la dola 300, kwa rafiki.

Hapa kuna jambo ambalo wanandoa wengi hawalitazamii, nasi wachungaji tunalisahau pia. Ungamo la kwanza mara nyingi si zima. Watafiti Eyal Peer, Alessandro Acquisti na Shaul Shalvi walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wengi wakikiri kosa wanakiri sehemu yake tu, wakifikiri sehemu hiyo itaaminiwa na itawapunguzia mzigo. Matokeo yalikuwa kinyume: waliokiri nusu walisumbuka moyoni kuliko waliokiri yote, na hata kuliko wale ambao hawakukiri kitu. Ndiyo sababu nyumba ya Butembo haikupata amani kisha Jumamosi ile. Zawadi hazikukoma. Bwana alileta hata sabuni ya harufu nzuri. Mama alirudi kwetu akiwa amechoka kabisa, akisema: «Amesema, lakini bado ananinunua.»

Aliona vizuri kuliko sisi. Kama mtu amekiri na mwendo haujabadilika, ungamo bado liko njiani. Hakumwita mwongo. Majuma matatu baadaye alimwuliza swali moja tu: «Makaratasi ya parsele yako wapi? Ninapenda kuyaona.» Swali la namna hiyo, linaloomba kitu cha kushika mkononi, ni la huruma kuliko maneno kumi ya «niambie ukweli,» kwa maana haliwezi kujibiwa nusu. Bwana akalia. Usiku ule alisema yote, na mama aliandika hesabu nyuma ya daftari la mtoto: 600, 180, 180, 180, 780, 1.014.

Kuanzia siku hiyo hakuna kikwembe kilichoingia. Bwana alirudi kuwa mtu wa maneno machache, na mama alituambia kwa mshangao kwamba hilo lilimpa raha. Alibaki na simu ya saa sita peke yake; hiyo anaendelea nayo mpaka sasa. Inaonekana kwamba ndani ya wema ule wote kulikuwa na sehemu moja iliyokuwa mapendo kweli. Tusimzanie mwenye hatia kwamba hapendi. Mara nyingi, kama asingependa, asingesumbuka.

Juu ya parsele, kuna neno ambalo kila nyumba ilijue. Kanuni ya familia ya nchi yetu, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bwana na bibi wakubaliane kabla ya kuuza nyumba au kiwanja, au kukiweka rehani, hata kama kimeandikwa kwa jina la mmoja. Bibi huyu hakuwa ametia sahihi popote. Ndoa yao ilikuwa imeandikwa kwa leta, na hati ilikuwa ndani ya sanduku. Wasio na hati hiyo wanapata shida kubwa ya kujitetea. Mlioolewa kwa mila tu, au kanisani tu, mfikiri juu ya hilo. Mwanasheria mmoja aliwasaidia, na mzee wa kanisa akawasindikiza kwa mkopeshaji. Mkopeshaji aliona kwamba makaratasi aliyoyashika hayatampa nyumba kwa urahisi. Alikubali kulipwa mzizi wa deni, dola 600, katika miezi 10, dola 60 kila mwezi, na kurudisha makaratasi siku ya malipo ya mwisho. Hakufurahi, lakini alitia sahihi.

Tutaje kwa ufupi hali mbili ambamo njia hii ya polepole haifai. Ya kwanza ni wema unaofuata kipigo. Bwana anapiga, kesho yake analeta zawadi na machozi, kisha majuma anapiga tena. Lenore Walker aliandika juu ya mzunguko huo mwaka 1979, na wamama wetu wanaujua bila kumsoma. Hapo hakuna siri ya kutafuta. Kila kitu kiko wazi. Mama wa namna hiyo asipelekwe njiani kuuliza kwa upole akiwa peke yake na bwana wake. Atafutiwe kwanza mahali pa usalama.

Ya pili ni wema unaokuja pamoja na kuepuka kitanda, au pamoja na kutaka kinga ambayo haikuwako, au pamoja na dawa zinazofichwa. Inawezekana mwenzako ameogopa kwamba amepata ugonjwa, na kwa hatia anakulinda bila kusema. Usingoje ungamo hapo. Nenda kituo cha afya upimwe, na mkiweza mwende wote wawili. Kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi kinaweza kutoonyesha kitu katika majuma ya kwanza, kwa hiyo kirudiwe kisha miezi 3. Na kama mwenzako amekuambia mapema, ujue kwamba kuna dawa za kuzuia maambukizo, zinazopaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita tangu mlipolala pamoja. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha amwambie mwuguzi siku ileile.

Turudie Butembo kidogo, kwa sababu kuna jambo moja tulilolisikia mwishoni. Siku walipokuwa wakipanga dola 60 za mwezi wa kwanza, mama alinyamaza muda, halafu akasema yeye pia ana kitu. Katika kikundi cha akiba cha wamama alikuwa na dola 140 ambazo bwana wake hakuzijua, alizozikusanya kwa miaka miwili, «kwa siku mbaya.» Alikuwa akimwekea bwana kipande kikubwa cha nyama kila siku ya kikundi, na hakuwa ameona uhusiano mpaka siku ile. Bwana alicheka sana, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Feza zilipogawanywa mwishoni mwa duru, walilipa miezi miwili kwa mara moja, na dola 20 zilizobaki zikaenda kwa minevali. Kikwembe cha tatu bado kiko ndani ya sanduku, hakijashonwa. Mama anasema atakishona siku makaratasi yatakaporudi, na bado imebaki miezi minne.